Barua ya Kumteua Dalali Mpya wa Bima na Kumwondolea Mamlaka Dalali wa Zamani

Barua ya uteuzi wa dalali wa bima ni maandishi ya mwenye bima kwenda kwa kampuni ya bima, akiitaarifu kwamba kuanzia siku fulani dalali fulani ndiye atakayezungumza kwa niaba yake, na kwamba dalali aliyekuwapo hana tena mamlaka hayo. Aghalabu ni ukurasa mmoja tu. Haivunji bima, haibadilishi ada, haihamishi chochote kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Kinachobadilika ni mtu wa katikati. Pamoja na wepesi wake, barua hii ikiandikwa vibaya au ikifika mahali pasipofaa, mwenye bima anaweza kujikuta na madalali wawili wanaovutana juu ya ghala moja, au bila dalali kabisa siku ambayo ghala linaungua.

Katika Manispaa ya Moshi, kata ya Njoro ikiwamo, jambo hili huwapata zaidi wenye maghala, wenye malori, shule binafsi na vyama vya ushirika vya mazao. Wengi wao walikatiwa bima na madalali wa Dar es Salaam au Arusha, na baadaye wakataka mtu wa karibu wanayeweza kumfuata ofisini kwa miguu. Makala haya yanafuata mfano wa kubuni wa mfanyabiashara mmoja wa Njoro mwenye ghala la mahindi na maharage na malori mawili aina ya Fuso, kwa sababu katika mfano wa namna hiyo karibu kila tatizo la barua hii hujitokeza.

Kabla ya yote ni lazima ijulikane aliyeuza bima ni nani hasa. Watu husema "broka wangu" wakimaanisha yeyote aliyewaletea stika ya gari, lakini sheria inatenganisha watu wawili. Wakala wa bima hufanya kazi kwa niaba ya kampuni ya bima. Kampuni ndiyo iliyompa mamlaka na kampuni ndiyo inayoweza kumnyang'anya. Dalali wa bima hufanya kazi kwa niaba ya mteja: hutafuta kampuni inayofaa, hujadiliana masharti, hufuatilia madai. Wote wawili hupewa leseni na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Barua inayozungumziwa hapa ni ya dalali. Aliyekatiwa bima na wakala, au na benki iliyofanya kazi ya uwakala, hawezi kumwondolea mtu huyo mamlaka ambayo hakumpa yeye. Anachoweza ni kuiambia kampuni kwamba sasa ana dalali wa kumwakilisha, na kampuni itaamua jinsi ya kumalizana na wakala wake. Stakabadhi ya malipo na hati ya bima kwa kawaida huonyesha jina la mtu wa kati na cheo chake. Hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Nguvu ya barua inatoka katika sheria ya uwakala iliyomo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1961 ikichukua nafasi ya sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza walikuwa wakiitumia Tanganyika, na kanuni zake za uwakala zimebaki na sura ileile. Kanuni mbili ndizo zinazohusika. Ya kwanza inasema aliyetoa mamlaka anaweza kuyaondoa kabla mwakilishi hajayatumia kiasi cha kumfunga yeye kwa watu wengine. Yaliyokwisha kutendeka hayarudishwi nyuma. Ya pili ndiyo inayosahauliwa sana: kuondolewa mamlaka kunaanza kumbana mwakilishi pale anapopata habari, na kunaanza kuwahusu watu wengine pale wao wanapopata habari. Tarehe iliyoandikwa juu ya barua haimalizi kazi. Kwa kampuni ya bima, dalali wa zamani bado ni dalali hadi siku kampuni inapojua kwamba siye.

Mfanyabiashara wa Njoro katika mfano huu ana bima katika kampuni mbili. Kampuni ya kwanza, yenye tawi Moshi mjini, imekatia ghala bima ya moto, pamoja na bima ya mizigo safarini na bima ya uaminifu wa wafanyakazi. Zote tatu zinaisha tarehe 30 Juni. Kampuni ya pili, ambayo ofisi yake ya karibu iko Arusha, imekatia malori bima kubwa. Bima ya lori la kwanza inaisha tarehe 14 Agosti na ya lori la pili tarehe 3 Novemba. Lori la pili liligonga kingo za daraja karibu na Himo mwezi Machi, na madai yake hayajalipwa. Ghala limewekwa rehani benki kwa mkopo. Dalali wa zamani yuko Dar es Salaam, na kinachomchosha mteja si ubaya wa bima bali simu zisizopokelewa.

Kazi ya kwanza si kuandika barua. Kazi ya kwanza ni kujua kilichopo. Maneno "bima zangu zote" yana faraja, lakini ofisa wa kampuni ya bima hatafuti bima kwa faraja; anatafuta kwa namba ya hati na kwa jina lililoandikwa humo. Katika mfano huu hati ya moto iko kwa jina la kampuni ya mfanyabiashara, lori la kwanza liko kwa jina la kampuni hiyohiyo, na lori la pili bado liko kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa alilinunua kabla ya kusajili kampuni. Barua moja iliyosainiwa kwa niaba ya kampuni haitaligusa lori la pili. Inahitajika barua nyingine yenye jina lake binafsi na saini yake binafsi. Mtu akikosea hapo hagundui mapema. Atagundua siku ya madai, pale dalali mpya atakapoambiwa kwamba hati hiyo hana ruhusa ya kuizungumzia.

Bima za magari zina njia rahisi ya uhakiki: mfumo wa TIRA-MIS huonyesha kama stika ni halali, imetolewa na kampuni gani na inaisha lini. Kwa zilizobaki, njia ya uhakika ni kumwomba dalali wa zamani, kwa lugha ya kawaida, nakala za hati zote na orodha ya tarehe za kuisha. Ni haki ya mteja kuwa nazo hata asipokusudia kubadilisha mtu.

Pamoja na orodha hiyo, kila kampuni iombwe taarifa ya maandishi ya hali ya malipo. Hatua hii mara nyingi hurukwa, nayo ndiyo inayozuia hasara kubwa kuliko zote. Kama ada ililipwa kwa dalali badala ya kulipwa moja kwa moja katika akaunti ya kampuni, inawezekana fedha bado hazijafika. Mteja ana stakabadhi ya dalali, kampuni ina deni katika vitabu vyake, na dalali yuko kati. Uhusiano ukiwa mzuri jambo hilo husawazishwa kwa simu moja. Barua ya kumwondoa ikishatua mezani, dalali hana tena haraka ya kumridhisha mteja aliyempoteza. Taarifa ikionyesha upungufu, stakabadhi zipelekwe kwa kampuni na kampuni ithibitishe kwa maandishi kwamba bima haina dosari. Ndipo barua ya kumwondoa iandikwe. Baada ya hapo ada zote ni vyema ziende katika akaunti ya kampuni yenyewe, na stakabadhi itolewe na kampuni.

Dalali mpya naye hukaguliwa kabla ya kuteuliwa. Leseni yake iwe hai kwa mwaka huo, jambo ambalo TIRA huweza kulithibitisha. Awe pia na mkataba wa kufanya kazi na kila kampuni itakayoandikiwa barua. Kampuni haiwezi kumpokea dalali isiyeshirikiana naye na kumlipa kamisheni, hata kama leseni yake ni safi. Katika mfano wa Njoro, dalali mpya ana mkataba na kampuni ya kwanza ila hana na ya pili. Kuna njia mbili: asubiri apate mkataba huo kabla barua haijatumwa, au malori yabaki kwa dalali wa zamani hadi yatakapohuishwa. Kumwondoa wa zamani huku mpya hajakubaliwa ni kuyaacha malori bila msemaji. Tuseme mkataba ulipatikana mwezi Aprili, na mwanzoni mwa Mei kila kitu kiko tayari.

Sasa barua yenyewe. Kila kampuni ipate barua yake, yenye hati za kampuni hiyo tu. Barua moja iliyopelekwa kwa kampuni zote huionyesha kila moja biashara ambayo haiihusu, na mara nyingi kila ofisa hudhani mwenzake ndiye atakayeishughulikia. Mfano wa barua kwa kampuni ya kwanza unaweza kuwa hivi:

Kwa Meneja wa Tawi, (jina la kampuni ya bima), S.L.P. ..., Moshi.

Tarehe: 6 Mei ...

YAH: UTEUZI WA DALALI WA BIMA NA KUONDOLEWA KWA MAMLAKA YA DALALI WA AWALI

Tunawataarifu kwamba kuanzia tarehe mtakayopokea barua hii tumemteua (jina kamili la dalali mpya na namba ya leseni) kuwa dalali wetu pekee kwa hati za bima zifuatazo: bima ya moto namba ..., bima ya mizigo safarini namba ..., bima ya uaminifu wa wafanyakazi namba ..., pamoja na bima nyingine yoyote iliyoko kwenu kwa jina letu.

Mamlaka yote tuliyompa (jina la dalali wa awali) juu ya hati hizo, kwa maandishi au kwa mdomo, yameondolewa kuanzia tarehe hiyohiyo.

Dalali mpya ana ruhusa ya kupata kutoka kwenu nakala za hati, kumbukumbu za madai, hali ya malipo na masharti ya kuhuisha bima, na kujadiliana nanyi kwa niaba yetu. Hana ruhusa ya kufuta bima, kupunguza kinga wala kukubali kiasi cha fidia bila idhini yetu ya maandishi.

Madai yaliyofunguliwa kabla ya tarehe hiyo yatashughulikiwa na dalali mpya, isipokuwa: (yatajwe, au iandikwe "hakuna").

Uteuzi huu utaendelea hadi tutakapoufuta kwa maandishi. Tunaomba mthibitishe kwa maandishi siku mliyoupokea.

(Saini, jina, cheo, mhuri)

Nakala: dalali wa awali, dalali mpya.

Maneno machache katika barua hiyo yanastahili kuelezwa. "Kuanzia tarehe mtakayopokea" yanaepusha tarehe ya nyuma, ambayo kampuni itaikataa kwa sababu haiwezi kuyafuta yaliyofanyika kihalali. "Dalali wetu pekee" yanaondoa shaka ya kama madalali wawili wanaruhusiwa kwa pamoja. "Pamoja na bima nyingine yoyote iliyoko kwenu kwa jina letu" ni wavu wa kukamata hati iliyosahaulika katika orodha. Namba zitajwe, na wavu uwepo pia. Sentensi ya kuondoa mamlaka isimame peke yake. Barua nyingi husema tu kwamba fulani ameteuliwa na kuacha msomaji adhani kwamba wa zamani ametoka. Kampuni yenye tahadhari itarudisha barua kama hiyo kuuliza, na kampuni isiyo na tahadhari itaendelea kuwajibu wote wawili.

Ruhusa ya kupewa taarifa si pambo. Kampuni ya bima inashika taarifa za mteja, na kwa bima za wafanyakazi au za afya inashika taarifa za watu wengine pia. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ofisa ana sababu nzuri ya kukataa kuzitoa kwa mtu asiyetajwa wazi. Kizuizi kinachofuata, cha kutofuta bima na kutokubali fidia bila idhini, hakimo katika barua nyingi zinazoandaliwa na madalali wenyewe. Ni vyema kiongezwe. Dalali mwaminifu hatakerwa nacho.

Saini ndiyo inayoangusha barua nyingi. Barua ya kampuni iliyosajiliwa husainiwa na mkurugenzi au mtu aliyepewa mamlaka na bodi, na kampuni ya bima inaweza kuomba nakala ya azimio. Kwa chama cha ushirika cha msingi, kama vile AMCOS za kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, saini ya meneja peke yake mara nyingi haitoshi. Bodi ikae, uamuzi uandikwe katika muhtasari wa kikao, na barua iambatane na dondoo la muhtasari huo lenye saini za mwenyekiti na katibu. Mhuri bila saini ya mwenye mamlaka hauna uzito. Kwa mali ya familia iliyoandikishwa kwa jina la marehemu, anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na nakala ya uteuzi wake iambatanishwe. Hili la mwisho huwakuta watu wa Uchagani mara nyingi: duka au ghala limeachwa na baba, watoto wanaliendesha pamoja, bima inalipwa kila mwaka kwa jina la mzee, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye saini yake kampuni inaweza kuipokea.

Katika mfano wa Njoro, barua ya kampuni ya kwanza ilipelekwa kwa mkono tarehe 6 Mei katika tawi la Moshi, na nakala ya mteja ikagongwa mhuri wa kupokelewa siku hiyohiyo. Barua mbili za malori zilipelekwa Arusha kwa basi na zikapokelewa tarehe 8 Mei. Dalali wa zamani alitumiwa nakala kwa barua pepe jioni ya tarehe 6. Asubuhi ya tarehe 7 aliandikia kampuni ya pili akikubali, kwa niaba ya mteja, gereji iliyopendekezwa na mkadiriaji kwa matengenezo ya lori lililogonga Himo. Kampuni ikatoa oda ya kazi, na lori likafunguliwa. Mteja alitaka gereji nyingine.

Hapo kanuni ya pili inaonekana kwa macho. Kampuni ya pili ilikuwa haijapata habari, hivyo ilikuwa na haki ya kumsikiliza dalali iliyemjua, na kukubali kwake gereji kulimfunga mteja. Dalali wa zamani, kwa upande wake, alikwisha kujua tangu jioni ya jana yake. Alitenda akijua kwamba anaondolewa, na mteja anaweza kujaribu kumdai hasara iliyotokana na kitendo hicho. Lakini kumdai mtu wa Dar es Salaam tofauti ya bei ya gereji mbili ni safari ndefu kwa fedha kidogo. Dawa ilikuwa mpangilio: kampuni zote zipokee kwanza, kwa mkono au kwa barua pepe yenye majibu, ndipo dalali wa zamani ajulishwe, ikiwezekana siku hiyohiyo. Mteja anayempigia dalali wake simu kumuaga wiki moja kabla barua hazijaandikwa anafanya uungwana, lakini anafungua wiki nzima ya mambo kufanyika kwa jina lake.

Uthibitisho wa maandishi ndio unaofunga hatua hii. Mhuri wa kupokelewa unaonyesha kwamba karatasi imefika, hauonyeshi kwamba kampuni imeikubali. Dalili kwamba mabadiliko hayajaingia katika vitabu ni za kawaida kabisa: notisi ya kuhuisha bima inakwenda kwa dalali wa zamani, hati ya nyongeza inatoka na jina lake, au dalali mpya akiuliza anaambiwa arudi wiki ijayo. Siku 10 zikipita bila jibu, meneja aandikiwe tena akiambatishiwa nakala yenye mhuri.

Kuna kampuni ambazo, zikishapokea barua, humjulisha dalali wa zamani na kumpa siku chache kabla ya kuitekeleza. Desturi hiyo ni ya kawaida sana Marekani, ambako siku 5 hadi 10 za kazi huachwa ili dalali aliyeondolewa azungumze na mteja, na akimshawishi alete barua ya kufuta ile ya kwanza. Mteja anatakiwa kuuliza mapema kama kampuni yake inafanya hivyo na kwa siku ngapi, kwa sababu katika siku hizo atapigiwa simu nyingi na ataahidiwa mengi. Akisaini barua ya pili kwa kuona haya, ya mwisho kwa tarehe ndiyo itakayofuatwa. Akisaini ya tatu, kampuni ina haki ya kusimamisha yote hadi aeleze anachotaka. Barua zinazopingana huharibu jina la mteja kuliko la madalali, hasa mwezi wa mwisho kabla bima haijaisha, pale kampuni inapoamua bei.

Jambo jingine linalozusha ugomvi ni kamisheni. Dalali halipwi na mteja moja kwa moja. Hulipwa na kampuni kutoka katika ada. Tuseme bima ya moto ya ghala ina thamani ya shilingi milioni 400, ada ni asilimia 0.25, yaani shilingi milioni 1 kabla ya kodi, na tuseme kamisheni ni asilimia 20, yaani shilingi 200,000. Ada hiyo ililipwa mwezi Julai uliopita na kamisheni ikachukuliwa na dalali wa zamani wakati huo. Barua ya Mei haimlazimishi kuirudisha. Dalali mpya atalihudumia ghala kuanzia Mei hadi 30 Juni bila malipo, na ataanza kulipwa bima itakapohuishwa. Kwa lori la pili, ambalo bima yake inaisha Novemba, atafanya kazi ya miezi sita bila kitu, tena ndilo lenye madai yanayosumbua. Nyongeza zinazofanywa baada ya barua, kama lori la tatu likinunuliwa mwezi Julai, kamisheni yake ni ya mpya.

Hesabu hii inaeleza mambo mawili. Inaeleza kwa nini dalali mpya hupenda barua ije miezi miwili au mitatu kabla bima haijaisha, si miezi kumi kabla. Na inaeleza kwa nini mteja amuulize waziwazi, kabla ya kumteua, kama atayashughulikia madai ya zamani ambayo hayamlipi. Akisita, ni afadhali madai hayo yaachwe kwa dalali wa zamani kwa kuyataja katika barua, kwa namba ya madai, huku hati zenyewe zikihamia kwa mpya. Madai yaliyokaribia kulipwa huwa ni heri yamalizwe na aliyeyaanza: ana barua zote, anamjua mkadiriaji, na kamisheni ya bima hiyo alikwisha kula. Katika mfano huu, baada ya kisa cha gereji, mteja aliona bora dalali mpya achukue kila kitu, na uamuzi huo pia una mantiki yake.

Ghala liko rehani, na benki ina maslahi katika bima ya moto. Barua ya mteja kwa kampuni haihitaji saini ya benki, lakini mkataba wa mkopo lazima usomwe kwanza. Mikataba mingine humtaka mkopaji apitie dalali aliyekubaliwa na benki, au aijulishe benki kila badiliko. Nakala ya barua ikipelekwa kwa ofisa mikopo mapema, benki haitashtuka mwezi Juni pale notisi ya kuhuisha itakapotoka kwa mtu isiyemjua, na haitaamua kulikatia ghala bima yake yenyewe na kumkata mkopaji gharama.

Barua hii pia ina mipaka ambayo maneno "bima zote" huificha. Haigusi michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, wala ya NSSF, kwa sababu hiyo ni mifuko ya sheria isiyo na dalali. Haigusi bima ambayo mfanyakazi amejikatia mwenyewe. Na haihamishi bima kwenda kampuni nyingine: dalali mpya akitaka kuipeleka bima ya moto kwingine tarehe 1 Julai, hilo linahitaji uamuzi mwingine wa mteja na ombi jipya lililojazwa upya.

Uangalifu wa pekee unatakiwa pale dalali anayetafuta kazi anapoleta karatasi ya kusaini "ili nikuulizie bei tu." Kuna barua ya kuomba taarifa na bei, na kuna barua ya uteuzi, na zinaweza kufanana hadi mstari wa tatu. Barua ya bei inasema dalali anaruhusiwa kuomba masharti kutoka kampuni zilizotajwa, hadi tarehe iliyotajwa, na kwamba dalali wa sasa anaendelea. Karatasi ikiwa na neno "pekee", au "inafuta mamlaka ya awali", au ikiwa haina tarehe ya mwisho, hiyo ni ya uteuzi, hata kama aliyeileta anaiita kwa jina jingine. Mteja aliyekwisha kuisaini kwa kutojua anaweza kuiandikia kampuni siku hiyohiyo akiifuta, na ikifanyika kabla kampuni haijaitekeleza, kwa kawaida inatosha.

Dalali wa zamani baada ya kuondolewa ana mambo mawili ya kukabidhi: nyaraka za mteja na fedha za mteja. Nakala za hati, fomu za maombi, ripoti za wakadiriaji na mawasiliano ya madai viombwe kwa barua ya pili, fupi, yenye orodha na siku 14 za kujibu. Kamwe nyaraka za madai zisishikwe kama dhamana ya deni analodai dalali. Kama anadai, adai kwa njia yake. Akikataa kukabidhi, au ikigundulika kwamba ada aliyopokea hakuifikisha, malalamiko hupelekwa TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha, yakiwa na nakala ya barua yenye mhuri, stakabadhi na taarifa ya malipo ya kampuni. Mgogoro wa mteja na kampuni ya bima juu ya fidia una njia yake tofauti: Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria hiyohiyo ya mwaka 2009.

Katika jalada la mteja wa Njoro zibaki karatasi tano: orodha ya hati na tarehe zake, taarifa za malipo za kampuni zote mbili, nakala za barua zenye mihuri ya kupokelewa, majibu ya kampuni kwa maandishi, na risiti ya makabidhiano kutoka kwa dalali wa zamani. Ikikosekana ile ya nne, mabadiliko yahesabiwe kuwa hayajafanyika.